Kuku yule yule, picha tatu: kusoma manyoya, macho na panga za kuku wa mayai kutoka mabanda tofauti

Tuseme simuni una picha za kuku wa mayai wa kahawia kutoka mabanda matatu. La kwanza liko Kerege, upande wa Bagamoyo: kuku wanang'aa, lakini midomo iko wazi na mabawa yameachana na mwili. La pili ni la Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini: kuku wako kwenye keji, shingo zao mbele ni kipara na mikia imekatikakatika. La tatu ni la Muheza: kuku wanaonekana safi tu, isipokuwa wachache wana kitu cheupe juu kidogo ya mkia. Unatakiwa useme ni banda gani lina tatizo la kushughulikiwa leo.

Watu wengi watanyoosha kidole Pongwe kwa sababu ndiko kuku wamechakaa zaidi. Katika mfano huu jibu ni Muheza. Sababu ni kwamba mahali manyoya yalipotoka huwa pana habari nyingi kuliko wingi wa manyoya yaliyotoka.

Kwanza, picha zilinganike

Makosa mengi huanza hapa, kabla hata ya kumtazama kuku. Picha iliyopigwa saa mbili asubuhi hailingani na ya saa nane mchana, na kuku wa wiki 28 halingani na wa wiki 64. Kuku anayetaga vizuri huchakaa manyoya kadiri umri unavyosonga, kwa sababu anajisugua kwenye nyaya, kwenye vyombo vya chakula na kwa wenzake, na manyoya yaliyokatika hayaoti upya mpaka atakapobadili manyoya yote. Kwa hiyo kabla ya picha uliza umri kwa wiki, saa ya kupiga, na kama kuku wako kwenye keji au kwenye maranda.

Waombe wenye mabanda wote wapige kati ya saa moja na saa mbili unusu asubuhi, kabla jua halijakolea. Picha ya kwanza ipigwe mlangoni, simu ikiwa kwenye kimo cha kuku, kabla mtu hajaingia ndani. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kuku wanavyokaa wenyewe. Baada ya hapo wachukue kuku kumi hadi kumi na wawili kutoka kona zote za banda, si wale wanaokimbilia mlangoni, maana wanaokimbilia mlangoni ndio wazima. Kila kuku apigwe sehemu tatu: kichwa kwa ubavuni, mgongo kutoka juu, na tumbo pamoja na njia ya mayai akiwa ameshikwa vizuri.

Kando ya kila kuku kiwekwe kipande kizima cha karatasi nyeupe ya A4, umbali ule ule kutoka kwenye simu. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Upande wake mfupi ni sentimita 21, kwa hiyo ni rula. Na kwa kuwa ni nyeupe, inakuambia kama mwanga umedanganya rangi. Banda lililozibwa kwa turubai la buluu hufanya panga za vichwani mwa kuku zionekane za zambarau, na mwenye haraka atatangaza ugonjwa. Ukiona karatasi yenyewe imekuwa ya samawati, usihukumu rangi ya upanga hata kidogo. Omba kuku atolewe nje kivulini apigwe tena.

Jambo moja la simu: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na vitu vidogo kama mayai ya chawa kwenye shina la unyoya hupotea. Itumwe kama faili la hati. Ikitumwa hivyo, kwa kawaida tarehe na saa ya kupigwa nayo hubaki ndani yake.

Kupima kipara

Tumia alama tatu tu. Sifuri ni manyoya kamili au yaliyochakaa kidogo bila ngozi kuonekana. Moja ni ngozi kuonekana lakini kipara hakijafika sentimita 5. Mbili ni kipara cha sentimita 5 au zaidi. Kidonda au damu huandikwa peke yake, maana hata kikiwa kidogo kina uzito wake.

Hesabu yake ni hii. Kwenye kioo cha simu upande mfupi wa karatasi una sentimita 6, na kipara kina sentimita 2. Zidisha 2 kwa 21 upate 42, gawanya kwa 6: kipara ni sentimita 7. Hiyo ni alama mbili. Toa alama mara mbili kwa kila kuku, moja ya kichwa na shingo, nyingine ya mgongo na eneo la njia ya mayai, na usizijumlishe. Ukizijumlisha unapoteza kile unachokitafuta.

Dalili: kipara shingoni upande wa mbele

Mara nyingi ni msuguano. Kuku wa kwenye keji hupitisha shingo kwenye waya kila anapokula, mara nyingi kwa siku. Kipara huwa mbele ya shingo na juu ya kifua, ngozi haina damu, na karibu kuku wote wanacho kwa kiwango kinachofanana. Manyoya ya ncha za mabawa na mkia nayo huwa yamekatika. Kagua picha ya chombo cha chakula: ukingo mkali au waya uliopinda huzidisha. Kuunyoosha waya na kupandisha chombo mpaka ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku kutapunguza. Kama macho ni angavu na panga ni nyekundu, banda hili halina dharura.

Dalili: weupe juu ya mkia, mgongoni

Hapa ndipo pa kutulia. Kuku wa kahawia ana manyoya mepesi ya ndani yenye rangi ya maziwa. Manyoya ya juu yakivunjika au kung'olewa, weupe ule hutokea, na kwenye picha ndogo unaweza kudhani ni vumbi au maranda yaliyomganda. Kuza picha. Ikiwa ni juu ya kiuno, pale penye tezi ya mafuta ambayo kuku huipaka kwenye manyoya yake, na ukaona mashina yaliyobaki bila ncha, kuku hao wanadonoana. Kudonoana mara nyingi huanzia hapo, kisha hupanda mgongoni na kushuka kwenye njia ya mayai. Kukifika kwenye ngozi na damu ikatoka, wenzao huvutwa na rangi nyekundu, na kuku mmoja anaweza kuliwa akiwa hai kwa muda mfupi sana.

Kabla hujathibitisha, ondoa sababu mbili zinazofanana nayo. Ya kwanza ni jogoo. Kwenye banda la chotara wa kutotolesha, jogoo huvua manyoya mgongoni na nyuma ya kichwa, anaposhikilia kwa mdomo. Ukiona sehemu zote mbili, na jogoo wamo, ni kupandwa. Banda la mayai ya kula kwa kawaida halina jogoo, hivyo sababu hii huondoka yenyewe. Ya pili ni kubadili manyoya. Huko kipara huanzia kichwani na shingoni kisha hushuka, pande zote mbili sawasawa, na hujaa vichipukizi vipya vilivyosimama kama mirija midogo. Upanga nao husinyaa kwa kuwa kuku ameacha kutaga.

Kisha tazama sakafu. Kuku wanaobadili manyoya huacha banda limejaa manyoya kama mto uliopasuka. Kuku wanaodonoana huacha sakafu safi, kwa sababu manyoya wanayang'oa na kuyala. Migongo iliyo wazi na sakafu isiyo na unyoya ni ushahidi mzito kuliko kipara chenyewe, na ndiyo sababu picha ya mlangoni haipaswi kukosekana.

Sababu za kudonoana ni chache na nyingi huonekana pichani au kwa swali moja. Nafasi: kwenye maranda, kuku watano hadi sita kwa mita moja ya mraba watosha. Vyombo: chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 40 kina mzingo wa karibu sentimita 126, na kila kuku anahitaji kama sentimita 4, kwa hiyo kinatosha kuku 30 hivi. Mwanga: mistari ya jua kali inayopenya kwenye mabati huamsha udonoaji. Chakula: kuku wa mayai anahitaji gramu 110 hadi 120 kwa siku, zenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na chumvi ya kutosha. Anayechanganya mwenyewe na kupunguza dagaa na mashudu ya alizeti pindi bei inapopanda, akabaki na pumba na mahindi, huwapunguzia kuku protini ya kujenga manyoya. Nao huitafuta mgongoni mwa jirani.

Dalili: manyoya machafu na yaliyogandamana chini ya mkia

Kuku wote wakiwa na tope tumboni wakati wa masika, lawama ni ya maranda yaliyoloa. Lakini kama sehemu nyingine ni safi na eneo la kuzunguka njia ya mayai limekuwa jeusi na la mafuta, fikiria utitiri. Kama kwenye shina la unyoya kuna vitonge vyeupe vilivyoshikana kama chumvi iliyolowa, hayo ni mayai ya chawa. Uharo uliokauka huonekana kama gundi ya kijani, nyeupe au kahawia, na huo unahitaji swali kuhusu kinyesi cha asubuhi. Kuna utitiri mwekundu ambao hunyonya usiku na mchana hujificha kwenye nyufa za vichanja, kwa hiyo picha ya kuku ya mchana haitauonyesha. Omba picha ya chini ya kichanja ikipigwa usiku kwa tochi.

Dalili: kuku wanaonekana wamechoka au wamezubaa

Picha husimamisha kitu kinachotembea, na hapa ndipo inapodanganya zaidi. Kuku ana kope ya tatu, ngozi nyepesi inayopita juu ya jicho kutoka upande wa mdomo. Ukimnasa wakati huo, jicho huonekana lina ukungu kama la kipofu. Piga picha tatu kwa kupishana sekunde tano. Jicho lililofungwa katika moja ni kupepesa. Katika zote tatu ni usingizi wa mgonjwa. Vilevile kuku anayeoga vumbi hulala ubavu, mabawa yametanda na manyoya yamesimama, nawe utaapa amekufa. Video ya nusu dakika humaliza ubishi.

Tofauti inayowasumbua watu wa pwani hii ni kati ya joto na ugonjwa. Kuku hana tezi za jasho. Hewa ikipita kama nyuzi 30, na unyevu wetu wa Desemba hadi Machi ukiwa juu, hupumua kwa mdomo ili apoe. Kuku mwenye joto hulaza manyoya yabane mwili, hunyoosha shingo, huinua mabawa kwenye mabega ili upepo upite, na jicho lake huwa duara na liko wazi. Kuku mgonjwa hufanya kinyume. Hujitutumua manyoya, hurudisha shingo ndani, mabawa humning'inia, mkia hushuka, jicho huwa nusu, naye hujitenga. Kujitutumua ni kutunza joto. Kuku aliyejitutumua saa nane mchana mjini Tanga, wakati wenzake wote wanahema, hana sababu yoyote ya kufanya hivyo isipokuwa homa au udhaifu. Mmoja wa aina hiyo kati ya mia anastahili simu ya haraka kuliko mia wanaohema.

Kuhema nako kuna upande wa pili. Kama ni saa moja asubuhi, kuna ubaridi, na kuku wawili watatu tu ndio wanaopanua midomo, huo si joto. Kuza uso: uvimbe chini ya jicho na povu au majimaji puani huelekeza kwenye mafua makali, shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani huelekeza kwenye kideri. Picha haitoshi kutaja ugonjwa, ila inatosha kumwita afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo na kuzuia kuku, matenga na trei za mayai zisitoke bandani.

Dalili: upanga umebadilika rangi

Upanga, wengine huuita undu, usomwe baada ya karatasi kuthibitisha mwanga. Uliopauka na kusinyaa unaweza kuwa wa mtetea ambaye hajaanza kutaga, wa anayeatamia, au wa anayebadili manyoya, na hao si wagonjwa. Uliopauka kwa kuku wa wiki 35 anayetakiwa kuwa kileleni mwa utagaji ni damu kupungua: utitiri, minyoo, au homa ya matumbo. Vigaga vyeusi vilivyoinuka ni ndui, ambayo mbu huisambaza; alama za kudonolewa huwa bapa na mara nyingi ziko kwenye ncha. Upanga mzima wa zambarau, kwenye mwanga mzuri, ni hatari ya kweli.

Usifuate ushauri wa vitabu vya nje unaosema miguu iliyopauka ni ya kuku anayetaga sana. Kanuni hiyo hutegemea mahindi ya njano. Kuku wetu hula mahindi meupe, kwa hiyo miguu yao hupauka wakitaga au wasitage, labda wawe wanapata majani mengi.

Kurudi kwenye mabanda matatu

Kerege: wiki 28, picha saa nane mchana. Manyoya yamebana mwili, macho duara, kuku wote wanahema kwa namna moja. Alama sifuri kila mahali. Ni joto. Lakini picha zote sita zilipigwa kutoka mbele, hivyo mgongo haujaonekana. Jibu sahihi ni "bado", si "nzuri". Zipigwe upya asubuhi, za mgongo zikiwemo, na mwenye banda aongeze vyombo vya maji na kufungua upande unaopokea upepo wa bahari.

Pongwe: wiki 64, keji. Shingo mbele alama mbili kwa kuku tisa kati ya kumi, mgongo sifuri, hakuna damu, panga nyekundu zilizojaa. Ni msuguano na umri. Mwenye banda akisema bado wanataga vizuri, mwamini.

Muheza: wiki 34, kuku 150 kwenye maranda. Kati ya kumi na wawili, wanane mgongo sifuri, watatu alama moja, mmoja alama mbili na doa jekundu la ukubwa wa punje ya mtama. Shingo zote sifuri. Sakafu haina unyoya hata mmoja. Pichani kuna vyombo vitatu vya duara vya sentimita 40, ambavyo vinatosha kuku 90, vinatakiwa vitano. Mistari miwili ya jua inakatiza banda. Ukiuliza mfuko wa kilo 50 unakaa siku ngapi, unajibiwa nne. Kilo 50 kwa siku nne ni kilo 12.5 kwa siku, gawa kwa 150 upate gramu 83 kwa kila kuku. Kuku hawa wana njaa, na walio wanyonge hawafiki kwenye chombo.

Cha kufanya leo ni kumtoa mwenye damu, kumpaka dawa ya zambarau ya GV kidondani ili wekundu ufichike, na kumtenga mpaka apone. Jioni ziba matundu ya jua kwa magunia, ukiacha upepo upite. Kesho ongeza vyombo viwili na ufikishe chakula kilo 17 kwa siku, mashudu na dagaa vikirudi kwenye mchanganyiko. Ning'iniza mafungu ya mchicha kwenye kimo cha vichwa ili midomo ipate kazi. Usikimbilie kukata midomo ya kuku wazima wanaotaga: wanaumia, wanaacha kula, na chanzo kinabaki pale pale.

Baada ya wiki nne piga kuku kumi na wawili tena, saa ile ile, karatasi ile ile. Usitegemee mgongo uliojaa, kwa sababu unyoya uliong'olewa huchukua wiki kadhaa kurudi na uliokatika hautarudi sasa. Tafuta vitu viwili: vichipukizi vyenye ncha nzima kwenye kipara, na manyoya machache yaliyoanguka sakafuni bila kuliwa. Vichipukizi vikiwa vimenyofolewa, rudi kwenye hesabu ya chakula na uombe mfuko upimwe kwenye mizani.

Yapo yasiyoingia pichani: mfupa wa kifua uliochomoza kwa kukonda, uzito, mikoromo ya usiku, na harufu ya mkojo inayochoma macho. Mwombe aliyeko bandani awashike kuku wale wale kumi na wawili, apitishe kidole kwenye mfupa wa kifua, na aandike namba ya kuku kando ya kila jibu.